Mchoro mmoja wenye makosa yote au mchoro mkuu na vidogo vitatu? Malipo ya M-Pesa kutoka kwa mteja mpaka benki

Ukiambiwa uchore mchoro wa mfuatano wa malipo ya simu, ile ya mistari minne inashuka chini na mishale inapita katikati, upande wa kila kitu kikienda sawa unamalizika dakika kumi tu, shida inaanza ukifika kwa makosa. Hapo watu wanagawanyika. Kuna wanaochora kila kitu kwa karatasi moja, makosa yote yanaingia kwa boksi la `alt`, lile la njia mbadala, pale chini, na kuna wanaochora njia nzuri peke yake alafu kila kosa zito linapata mchoro wake mdogo. Nimefanya kazi na zote mbili, kwa hiyo nataka niziweke pamoja kwa mfano mmoja wa kweli ndio mtu aweze kuchagua, na mfano wenyewe ni STK Push ya M-Pesa Kenya, ile kijibox inaruka kwa simu inakuuliza PIN baada ya kubonyeza Lipa kwa apu.

Kwanza tukubaliane mistari ni gani. Mteja, Apu, Seva, Benki. Hapo kwa Benki namaanisha yule anayeshika pesa na mwenye uamuzi kama imetoka au haijatoka, na kwenye STK Push ni mtambo wa M-Pesa wenyewe, wewe unaongea nao kupitia Daraja, ule mlango wa Safaricom wa programu kuongea na M-Pesa. Akaunti ya duka iliyo benki ya kawaida inapata pesa baadaye, hiyo siichori hapa kwa sababu mteja hasubirii hiyo. Lakini kama biashara yako inapitia kwa benki, yaani seva yako inaongea na benki alafu benki ndio inaongea na M-Pesa, basi gawanya huo mstari uwe miwili, usiwabane wote kwa boksi moja, maana kila mshale katikati yao unaweza kukatika na wewe hutauona.

Mfano wetu ni oda namba 7731, mtungi wa gesi wa kilo 6, shilingi 1,150. Hivi ndivyo mtu wa karatasi moja anavyoanza, hii njia tuiite A na ile ya michoro midogo tuiite B, sio zile A na B za ndani ya mchoro ambazo ni Apu na Benki:

```
sequenceDiagram
  participant M as Mteja
  participant A as Apu
  participant S as Seva
  participant B as Benki
  M->>A: bonyeza Lipa
  A->>S: lipa oda 7731
  S->>B: stkpush 1150
  B-->>S: CheckoutRequestID
  S-->>A: INASUBIRI
  B->>M: weka PIN
  M->>B: PIN
  alt ResultCode 0
    B->>S: kolbeki
    S-->>A: IMELIPWA
  else 1, 1032, 1037, 2001
    B->>S: kolbeki
    S-->>A: IMEFELI
  end
```

Kabla hata ya kufika kwa makosa angalia ule mshale wa PIN, huo ndio watu wengi wanakosea. Wanachora Benki inaambia Seva, Seva inaambia Apu, Apu inamuomba mteja PIN, alafu PIN inarudi njia hiyo hiyo. Hapana. Ombi la PIN linatoka kwa Benki moja kwa moja mpaka kwa laini ya mteja, halipiti kwa apu yako wala kwa seva yako, na PIN yenyewe hamtaiona kamwe. Ukiichora vibaya kuna kijana atakuja aweke kisanduku cha PIN ndani ya apu kwa sababu mchoro ulimwambia. Pia ndio maana mshale wenyewe ni mrefu, unaruka mistari miwili, na huo urefu ni habari: wakati mteja anaandika PIN, apu na seva zote hazijui chochote kinachoendelea.

Sasa uzuri wa A. Mtu yeyote anausoma, mwenye duka, mtu wa kupokea simu za wateja, hata mhasibu. Namba zile nne za makosa ukiziandika na maana yake kando, 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja amekataa au ameacha kijibox mpaka kikapotea, 1037 simu haikupatikana, 2001 PIN sio sahihi, basi mtu wa huduma kwa wateja ana kila anachohitaji kumwambia mteja, na hiyo sio kazi ndogo. Zote nne zina kitu kimoja sawa, pesa haijatoka, kwa hiyo kuzipa tawi moja la IMEFELI ni sawa kabisa, sioni haja ya kuchora matawi manne yanayofanana. Kwa kikao cha kueleza wakubwa malipo yanaendaje mi nachagua A bila kufikiria mara mbili.

Lakini A ina kasoro moja, na haionekani mpaka mteja aumie. Boksi la `alt` linasema: hapa kuna njia mbili, mojawapo itatokea. Ni kweli, mojawapo itatokea, ila nani anajua ni ipi? Benki inajua. Seva inajua tu kama kolbeki imefika, yaani ule ujumbe wa matokeo ambao Benki inatuma kwa anwani ya seva yako. Mchoro umeandika sharti juu ya kitu ambacho anayetakiwa kuamua hawezi kukiona, na anayeandika kodi ya programu akifuata mchoro huo atajikuta ana hali mbili tu za mwisho kwa database, IMELIPWA na IMEFELI, alafu siku kolbeki haikuja ataiweka wapi? Ataiweka kwa IMEFELI, kwa sababu hakuna pahali pengine pa kuiweka.

Hii ilinipata. Tulikuwa tunapandisha toleo jipya la seva saa nane mchana, seva ilizima kama sekunde arobaini hivi, na ndani ya hizo sekunde mteja aliweka PIN, pesa ikatoka, akapata SMS yake ya M-Pesa, kolbeki ikagonga mlango uliofungwa. Apu yetu ilikuwa na taimauti ya dakika moja, ikaisha, ikamwandikia mama wa watu "Malipo hayakufaulu, jaribu tena", na yeye akajaribu tena kwa sababu tumemwambia ajaribu. Akapiga simu, "Kijana wangu, mmenikata mara mbili na gesi sijaona hata moja." Alikuwa ametoa 2,300 kwa mtungi wa 1,150. Nilienda kufungua mchoro wetu, ulikuwa wa A, nikatafuta kilichotokea kiko tawi gani, hakikuwa kwa tawi lolote. Kodi ilifuata mchoro vizuri kabisa, mchoro ndio haukuwa na hali ya tatu.

Hali ya tatu ni HAIJULIKANI. Ukiangalia makosa yote ya malipo ya simu kwa macho ya seva yanaanguka kwa makundi matatu tu: najua pesa imetoka, najua haijatoka, sijui. Kundi la pili lina sababu nyingi lakini kazi yake ni rahisi, unamwambia mteja ukweli na anaweza kujaribu tena. La tatu lina sababu chache ila ndio lenye kazi yote, na ndio linalostahili mchoro wake.

Hapo ndio tunaingia B. Mchoro mkuu unabaki kama ule wa juu, alafu unajiuliza kwa kila mshale unaopita kwa mtandao kati ya mashine na mashine: huu ukipotea, aliyeusubiri atajua nini? Kwa malipo haya kuna mishale mitatu ambayo jibu lake ni "hatajua kitu", kwa hiyo michoro midogo ni mitatu, na sijawahi kuhitaji wa nne.

Wa kwanza ni ule ulionipata mimi, kolbeki imepotea.

```
  B-xS: kolbeki ResultCode 0
  Note over S: 7731 = HAIJULIKANI
  loop kila sekunde 20, mara 6
    S->>B: stkpushquery
    B-->>S: ResultCode au errorCode
  end
```

Ule mshale wenye `-x` kwa Mermaid, ile lugha ya kuchora kwa maandishi niliyotumia hapa, unachora msalaba mwishoni, maana yake ujumbe umetumwa haukufika, na kwangu hiyo alama moja inaeleza zaidi ya aya nzima. Seva ina CheckoutRequestID tayari, ile namba ya ombi iliyopewa na Benki mwanzoni, kwa hiyo inaweza kuuliza yenyewe, oda hii iliishaje. Jibu likija na ResultCode 0 imelipwa, likija na moja ya zile nne za juu haijalipwa, na hilo ni jibu la mwisho. Likija na errorCode hilo sio jibu la malipo, ni jibu kuhusu swali lako, pengine muamala bado unashughulikiwa, pengine umeuliza haraka sana, unabaki HAIJULIKANI unauliza tena. Hizi mbili zikichanganywa kwa kodi unarudi pale pale kwa mama wa mitungi miwili, kwa sababu mtu ataona neno kosa na kuandika IMEFELI. Sekunde 20 mara 6 ni chaguo letu sisi, dakika mbili jumla, wewe weka yako ila iandike kwa mchoro, usiache neno "jaribu tena" bila idadi. Na baada ya mara sita bila jibu mshale uende kwa mtu, mtu wa kweli anayeingia kwa ukurasa wa biashara wa M-Pesa na kutafuta muamala kwa namba ya simu na kiasi. Asitumie picha ya SMS aliyotumiwa na mteja kama uthibitisho, SMS za uongo zipo nyingi, achukue tu ile namba ya risiti ya herufi na tarakimu kumi aitafute huko.

Wa pili ndio mgumu kuliko yote, na sijawahi kuuona kwa mchoro wa A hata mmoja. Seva imetuma `stkpush`, na jibu la ombi lenyewe limepotea, sio kolbeki, jibu la kwanza kabisa lile lenye CheckoutRequestID. Sasa fikiria. Inawezekana ombi halikufika na mteja hajaona kitu. Inawezekana limefika, kijibox kimeruka, mteja anaandika PIN sasa hivi. Na huwezi kuuliza, kwa sababu kuuliza kunataka CheckoutRequestID na wewe huna. Kolbeki ikija itakuwa na CheckoutRequestID usiyoitambua, na ndani yake hakuna ile AccountReference, yaani namba ya oda uliyotuma kwa ombi, kwa hiyo hujui ni ya oda gani. Pesa imeingia na haina mwenyewe.

Nilivyochora mdogo huu kwa mara ya kwanza nilikwama hapo kwa dakika nyingi nikitafuta mshale wa kutoka, na dawa ilionekana kwa sababu ya kukwama. Namba ya oda inaingia ndani ya anwani ya kolbeki yenyewe. Badala ya kila ombi kutuma CallBackURL ile ile, kila oda inapata yake:

```
/malipo/oda/7731/k9x2...
```

Ile ya mwisho ni neno la siri la oda hiyo pekee, refu na lisiloweza kubahatishwa, ndio mtu wa nje asiweze kukutumia kolbeki ya uongo akijua namba ya oda tu. Sasa kolbeki ikija, hata kama hujawahi kuona CheckoutRequestID yake, anwani iliyogonga inakwambia ni 7731, unaihifadhi ile CheckoutRequestID na unaweza kuuliza kuthibitisha. Na mpaka ije au mpaka muda upite mtu aangalie kwa mkono, seva hairuhusiwi kutuma `stkpush` nyingine kwa oda hiyo. Hii niliandika kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro, maana ukituma `stkpush` mara mbili hayo ni maombi mawili kamili, kila moja na CheckoutRequestID yake, M-Pesa haina namna ya kujua kwamba wewe ulimaanisha moja. Maktaba nyingi za HTTP zina kile kitu cha kurudia ombi zenyewe likifeli. Kwa ombi hili izime.

Wa tatu ni kati ya Apu na Seva. Mteja amebonyeza Lipa, data imekatika, apu haijapata jibu, mteja anabonyeza tena. Au kijibox cha PIN kimekuja, apu ikaenda nyuma, simu ina memori ndogo ikaua apu kabisa, mteja anarudi inaanza upya haikumbuki kitu. Mchoro wake ni mfupi: oda inapata namba kabla ya kulipa, ombi la kulipa linabeba namba hiyo, na seva ikiona 7731 tayari iko INASUBIRI au HAIJULIKANI inarudisha hali ile tu, haigusi Benki. Na apu ikifunguka kitu cha kwanza inauliza seva hali ya oda za mteja ambazo hazijaisha. Maneno ya skrini pia ni sehemu ya mchoro huu. Pale palipokuwa na "Malipo hayakufaulu, jaribu tena" tuliweka "Tunathibitisha malipo yako, usilipe tena. Tutakutumia ujumbe", na kitufe cha Lipa kinafungwa.

Sasa B inagharimu nini, maana nimeisifu sana. Michoro minne ni kazi kuitunza. Ukibadilisha jina la hali moja unabadilisha mara nne, na baada ya miezi kadhaa utakuta mmoja umesahaulika unasema uongo. Mtu mgeni hajui aanzie wapi, anahitaji mchoro mkuu umwambie "hapa ukikatika nenda mchoro wa 2". Kwa PlantUML, lugha nyingine ya michoro kama Mermaid, kuna `ref over` inayochora boksi la kukuelekeza kwa mchoro mwingine, na kuna nukta tatu za kuonyesha muda umepita, hizo mbili zinaifaa B sana. Mermaid haina `ref`, unaandika `Note over` tu, ila Mermaid inafunguka moja kwa moja pale mnapoweka kodi kwa GitHub, hakuna mtu anahitaji kusakinisha kitu. Kama timu yenu haisomi hati isipokuwa iwe pembeni ya kodi, chukua Mermaid mkose `ref`.

Mtu atauliza, si basi nichukue A nimuongezee tawi la tatu, `else hakuna kolbeki`? Nimejaribu. Inafanya kazi mpaka uingize ule wa pili, kwa sababu huo unakatika juu, kabla ya PIN, kwa hiyo lazima `alt` nyingine ianze katikati na ile ya zamani yote iingie ndani yake, alafu wa tatu unaanzia juu zaidi nao unameza zote mbili. Ukifika boksi tatu ndani ya boksi hakuna mtu anayesoma, hata wewe. Pia `alt` ikifungwa imefungwa, hadithi imeisha, wakati kwa maisha halisi kolbeki ya 0 inaweza kuja imechelewa, oda umeshaipeleka kwa mtu aangalie kwa mkono, na bado inatakiwa ipokelewe na oda igeuke IMELIPWA. Kwa B hilo ni mshale mmoja kutoka HAIJULIKANI. Kwa A sijapata pa kuuweka.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague ipi, nitakuuliza nani atakaa mbele yake. Kama ni mtu wa kuandika kodi ya seva au wa kuijaribu, B, hata kama mko wawili tu, na anayejaribu atachukua kila mdogo autekeleze vile ulivyo: zima seva katikati ya PIN, kata mtandao baada ya `stkpush`, ua apu kijibox kikiwa juu, alafu aangalie oda imeishia hali gani na mteja amekatwa mara ngapi. Kama ni mtu wa kuelewa huduma au kujibu simu, A, ila na tawi la tatu moja fupi linalosema "hatujui bado, usimwambie alipe tena". Na kama apu yako haiongei na M-Pesa yenyewe, unamlipia mtu wa kati mwenye mfumo wake wa malipo, A inaweza kukutosha upande wa nyuma, lakini muulize kwanza swali moja: nikipoteza jibu lako la kwanza, naweza kuulizia kwa namba yangu mwenyewe ya oda? Akisema ndio, mchoro wa pili unafutika, unabaki na miwili midogo.

Kama tayari una A ukutani usiitupe. Chukua kalamu, weka msalaba kwa mishale mitatu: jibu la `stkpush`, kolbeki, na jibu la seva kwa apu. Kwa kila msalaba andika pembeni hali ya oda kwa database wakati huo na maneno ambayo mteja anayaona kwa skrini. Pale utakaposhindwa kuandika moja ya hizo mbili, mchoro mdogo wa kwanza uanzie hapo.